Tangazo la Kazi Lina Orodha Mbili, Sisi Tunasoma Moja

Mapema mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilitangaza nafasi 1,596 za kazi. Maombi yaliyoingia yalizidi 135,000, na walioitwa kwenye usaili mwezi Machi walikuwa karibu 113,000. Mazungumzo yaliyofuata, mitandaoni na kwenye daladala, yaling'ang'ania namba mbili tu, ile ya nafasi na ile ya walioitwa, maana ukizigawanya unapata zaidi ya watu 70 wanaowania kiti kimoja. Kushtuka ni haki. Lakini kuna namba nyingine hapo ambayo haikupewa nafasi yake: katika kila waombaji kumi, zaidi ya wanane walipita mchujo wa sifa. Waliobaki, takribani 22,000, waliondolewa kabla hawajaulizwa swali hata moja. Kwa hiyo ile lawama tuliyoizoea, kwamba matangazo ya kazi huandika sifa ambazo hana mtu, haikuhusu tangazo lile. Sifa zile walikuwa nazo watu wengi mno.

Nasema hivyo kwa sababu lawama yenyewe ni ya kweli mahali pengine. Yapo matangazo, hasa ya mashirika yasiyo ya kiserikali na ya kampuni binafsi, ambayo ukiyafuata neno kwa neno hutampata mtu wa kumwajiri. Kosa letu ni kuyasoma matangazo ya aina hizi mbili kwa jicho moja. Lile la serikali tunalichukulia kama ombi linaloweza kulegezwa, tukaangushwa na sharti tuliloliona dogo. Lile la shirika tunalichukulia kama sheria, tukajiondoa wenyewe katika nafasi tuliyokuwa tunaimudu. Anayetafuta kazi anatakiwa kwanza ajue mbele yake kuna tangazo la aina gani, ndipo aanze kupima sifa.

Tuanze na la serikali. Matangazo mengi ya utumishi wa umma Tanzania hutoka Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hupitia Ajira Portal. Sifa za mwombaji hazitungwi na ofisa aliyeandika tangazo. Zinatoka kwenye muundo wa maendeleo ya utumishi wa kada husika, yaani waraka unaoeleza mtu wa daraja fulani anaingia na elimu gani, anapanda vipi na analipwa ngazi ipi ya mshahara. Ofisa anayechuja hana mamlaka ya kusema huyu amekosa cheti lakini anaonekana hodari. Akimpitisha, yeye ndiye atakayeulizwa na mkaguzi. Ndiyo maana lugha ya matangazo haya ni kavu na hujirudia mwaka hadi mwaka.

Tazama nafasi ya Dereva Daraja la II. Tangazo lake hudai mambo matatu: cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja E au C ambayo mwombaji ameifanyia kazi kwa mwaka mmoja au zaidi bila kusababisha ajali, na mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Mtu aliyeendesha malori kwenda Tunduma miaka mingi, anayejua kila kona ya Kitonga, hapiti hapa kama hana cheti cha kidato cha nne. Kampuni ya usafirishaji ingemchukua siku hiyo hiyo baada ya kumjaribu barabarani. Hata hivyo hajakosea aliyemkataa serikalini, maana kwenye tangazo lile hakuna sifa ya ziada hata moja. Zote tatu ni za lazima, na uzoefu wake mkubwa hauna mahali pa kuandikwa alama.

Uhasibu nao una mtego wa namna hiyo, ambao huwaangusha wengi. Serikalini Afisa Hesabu Daraja la II ni kazi ya mwenye shahada ya uhasibu au inayolingana nayo, bila kulazimika kuwa na CPA(T), sifa ya kitaaluma ya uhasibu. Mhasibu Daraja la II ni lazima awe na CPA(T) au sifa nyingine ya kitaaluma inayotambuliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi. Majukumu ya nafasi hizi, kwa msomaji wa haraka, yanafanana. Mwenye shahada anayeomba zote mbili kwa kudhani ataonewa huruma kwenye ile ya pili anapoteza muda wake. Anayeiacha ya kwanza kwa kudhani kila kazi ya vitabu vya fedha inataka CPA(T) anapoteza zaidi.

Kisha kuna sehemu ambayo watu huiruka: masharti ya jumla, mwishoni mwa tangazo. Humo ndimo mlimo na uraia, umri usiozidi miaka 45 kwa asiye mtumishi wa umma, barua ya maombi iliyosainiwa, nakala za vyeti zilizothibitishwa na mwanasheria, na onyo kwamba matokeo ya muda na hati za matokeo hazipokelewi badala ya cheti chenyewe. Aliyesoma nje ya nchi anatakiwa vyeti vyake viwe vimehakikiwa, cha chuo kikuu TCU, cha sekondari NECTA. Mwombaji anaziona hizi kama taratibu za makaratasi, akaweka nguvu zake zote kwenye barua yenye maneno mazuri. Kumbe kwa mchujaji, barua isiyosainiwa na shahada isiyokuwepo vina uzito mmoja, maana vyote vinamaliza ombi. Kwenye tangazo la serikali nafasi ya kupumua ni ndogo sana, na mara nyingi imefichwa kwenye maneno kama "au fani nyingine inayolingana na hiyo". Hapo ndipo mwenye shahada yenye jina tofauti kidogo anapaswa kusimama na kusoma mara mbili.

Tangazo la shirika ni kitu kingine kabisa, na ili kulielewa lazima ujue linavyoandikwa. Meneja anayetaka mtu huketi na ofisa wa rasilimali watu, wakafungua tangazo la zamani la nafasi ile ile. Mara nyingi aliyekuwa kwenye nafasi ameondoka baada ya miaka kadhaa, akiwa amejifunza mengi ambayo hakuja nayo. Meneja anaandika sifa za yule anayeondoka, ingawa mtu huyo alipoingia hakuwa nazo. Juu ya hapo anaongeza jambo moja au mawili aliyoyakosa mwaka uliopita, na idara nyingine inaongeza lake. Hakuna anayeulizwa aondoe kitu. Nimewahi kukaa kwenye meza za kuchuja maombi ya namna hii, na karatasi tuliyotumia haikuwahi kufanana na tangazo. Ilikuwa na safu mbili au tatu za mwanzo za kuandika ndiyo au hapana, halafu safu za alama, na nusu ya yale yaliyotangazwa hayakuwa na safu kabisa.

Kazi ya msomaji, basi, ni kuikisia karatasi ile kutokana na tangazo. Tuchukue mfano wa Mhasibu wa Mradi, kituo cha kazi Mwanza, mkataba wa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa. Nimeutunga kwa kuunganisha yale yanayojirudia kwenye matangazo ya namna hii. Sifa zinazotakiwa: shahada ya uhasibu, CPA(T), uzoefu wa miaka mitano, mitatu kati yake kwenye miradi ya wafadhili, ujuzi wa programu ya uhasibu ya QuickBooks, Excel kwa kiwango cha juu, ujuzi wa mfumo wa SAP unaotumiwa na taasisi kubwa, Kiswahili na Kiingereza fasaha, leseni ya udereva. Shahada ya uzamili na Kifaransa zimetajwa kuwa sifa za ziada. Mwisho kabisa, awe mwadilifu na anayeweza kufanya kazi kwenye shinikizo.

Watu wengi husoma orodha hiyo kwanza. Mimi nashauri iachwe hadi majukumu yasomwe, kwa sababu sifa ni maneno ya mtu anayetamani na majukumu ni kazi itakayofanyika Jumatatu asubuhi. Majukumu ya mfano wetu ni kuandaa hati za malipo, kulinganisha vitabu na taarifa ya benki kila mwezi, kufuatilia masurufu ya maofisa waliokwenda vijijini, kuwasilisha kodi ya mishahara kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata, kuandaa taarifa ya fedha ya kila robo mwaka kwa mfadhili, na kusaidia wakaguzi. Anaripoti kwa Meneja wa Fedha, na hakuna aliye chini yake. Mistari hiyo miwili ya mwisho ina habari kubwa kuliko orodha yote ya sifa. Asiyesimamia mtu na anayesahihishiwa kazi na meneja yuko ngazi ya kati, hata tangazo likijaza sifa za ngazi ya juu.

Sasa kila sifa iulizwe swali moja: katika majukumu haya, ni lipi litakalokwama asipokuwa nayo? Shahada haibishaniwi, ipo kwenye safu ya kwanza ya ndiyo na hapana karibu kila mahali. Uzoefu wa fedha za mfadhili ndio moyo wa kazi hii, na sababu yake haijaandikwa kwenye tangazo. Mfadhili ana kanuni za nini kinalipika na nini hakilipiki, na gharama ikikataliwa kwenye ukaguzi shirika hulazimika kuirudisha kutoka mfukoni mwake. Meneja wa Fedha anaogopa hilo kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo atakayeonyesha kwamba amewahi kuandaa taarifa za mfadhili na kupita ukaguzi anamgusa mwajiri penye maumivu. Miaka mitano yenyewe ni makadirio tu ya ujuzi huo. Mwenye miaka mitatu aliyefunga vitabu vya miradi miwili peke yake amekaribia zaidi kuliko mwenye miaka saba aliyekuwa anapanga hati kwenye majalada.

QuickBooks hufundishika ndani ya wiki chache kwa anayejua uhasibu, hivyo asiyeijua lakini anajua mfumo mwingine asijitoe. SAP inatia shaka kwa namna nyingine: ofisi inayoendesha mradi kwa QuickBooks haina kazi na SAP, na kuwepo kwa vyote viwili ni dalili kwamba orodha imeunganishwa kutoka matangazo mawili. Kifaransa kingekuwa na maana kama majukumu yangetaja ofisi ya Bujumbura au Bukavu, lakini hayataji. Leseni iangaliwe pamoja na safari. Kama tangazo linasema sehemu kubwa ya muda ni vijijini na halitaji dereva, leseni ni ya kweli, na kama kazi ni ya ofisini imebebwa kutoka tangazo la ofisa mwingine. Uadilifu na shinikizo havipimwi kwenye mchujo na havipaswi kula hata mstari mmoja wa barua.

Inabaki CPA(T), ambayo ni ngumu kuliko zote kuisoma. Fani zinazosimamiwa na bodi zina tabia yake: muuguzi bila usajili na leseni ya baraza lake hawezi kugusa mgonjwa, kwa hiyo pale hakuna cha kujadili. Kwa mhasibu wa mradi mambo hutegemea nani anasaini hesabu na shirika limeahidi nini kwa mfadhili. Njia ya uhakika zaidi ni kufungua fomu ya maombi kabla ya kuamua. Mashirika mengi siku hizi hutumia fomu za mtandaoni zenye maswali ya ndiyo au hapana, na mengine huondoa mtu papo hapo kwa jibu lake. Fomu ikiuliza peke yake kama una CPA(T), au ikidai namba yako ya usajili NBAA, hiyo ni sifa ya lazima. Ikiuliza miaka ya uzoefu kwa kuchagua kati ya makundi, angalia kundi la chini linaanzia wapi. Na ikiwa haikuuliza kitu kuhusu uzamili, Kifaransa wala SAP, umeshaiona karatasi ya mchujo. Orodha ya mambo zaidi ya kumi imebaki mambo matatu, yaani shahada, fedha za mfadhili na miaka ya uzoefu, na swali moja, la CPA(T).

Kuna tangazo moja la shirika ambalo halisomwi kwa njia hii, na asiyelijua ataumia. Ni lile linalosema nafasi itategemea kupatikana kwa mradi au fedha. Hapo shirika bado linashindania mradi, na majina ya viongozi wake muhimu yataingia kwenye andiko litakalopelekwa kwa mfadhili. Nyaraka za mfadhili ndizo zilizoweka elimu na miaka ya nafasi hizo, na mfadhili ana haki ya kumkataa mtu. Miaka kumi ikiandikwa hapo, ni kumi. Kwa maana hiyo tangazo hilo linafanana na la serikali kuliko na la shirika jirani.

Wapo wanaopinga usomaji huu wote, na hoja zao zinastahili kusikilizwa. Ya kwanza inasema orodha ndefu ni geresha, mtu ameshapatikana. Hilo hutokea, na ni dhuluma kwa waliohangaika kuomba. Zipo taasisi ambazo sera zake zinalazimisha kutangaza hata pale ambapo kuna mtu wa ndani anayetarajiwa. Dalili zake zinaonekana: siku chache mno za kuomba, na mchanganyiko wa sifa usiotokana na majukumu bali unaomfaa mtu mmoja, kama vile uzoefu wa mradi fulani katika wilaya fulani. Penye dalili hizo zote mbili, muda wako ni bora uwekwe kwingine. Lakini kuieneza tuhuma hiyo kwa kila orodha ndefu ni kosa, kwa sababu orodha nyingi hurefuka kwa uvivu wa kunakili.

Waajiri nao wana hoja yao. Wanasema bila masharti mazito watafurikiwa, na idadi ile ya TRA inawapa ushahidi. Nakubali kwamba mchujo unahitajika. Ninachokataa ni kuchuja kwa matamanio. Sharti ambalo mwajiri mwenyewe hatalipima halimzuii mtu jasiri wala anayetia chumvi wasifu wake. Linamzuia mkweli, yule anayesoma "SAP", akakumbuka hajawahi kuigusa, akafunga ukurasa. Mwajiri anabaki na rundo lile lile, isipokuwa sasa limepungukiwa watu aliowahitaji zaidi kwenye kazi ya kushika fedha.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosambazwa na washauri wengi wa ajira: ukiwa na asilimia 60 ya sifa, omba. Huambatana na takwimu kwamba wanaume huomba wakifikisha asilimia 60 na wanawake husubiri asilimia 100. Takwimu hiyo ilianzia kwenye ripoti ya ndani ya kampuni moja ya kompyuta ya Marekani na ikanukuliwa hadi ikaonekana utafiti. Hata ingekuwa utafiti, ushauri wenyewe ungebaki mbovu, kwa sababu unahesabu sifa zote kuwa sawa. Kwenye mfano wetu, mtu mwenye QuickBooks, Excel, SAP, Kifaransa, leseni, uzamili, Kiswahili na Kiingereza kizuri amevuka asilimia 60, na hana shahada ya uhasibu wala siku moja ya fedha za mfadhili. Mwingine ana shahada, miaka mitatu ya mradi na Excel tu, hajafika nusu, na ndiye wa kuitwa. Kwenye tangazo la dereva serikalini, mwenye mawili kati ya matatu ana asilimia 66 na hana kitu. Tena kila ombi la kubahatisha lina gharama: nakala, ada ya mwanasheria wa kuthibitisha, bando la kupakia vyeti, na siku nzima ambayo ingetosha kuandika barua moja ya maana.

Kinachofuata kwenye hoja hii kinahusu pia barua yenyewe. Ukishajua mambo matatu ya kweli, barua ianze nayo, kwa vipimo: miradi mingapi, bajeti ya shilingi ngapi, kaguzi ngapi na hoja ngapi zilizobaki bila majibu. Penye upungufu wa sifa ya kweli, kama miaka, utajwe mara moja na kiwekwe mbadala wake. Penye upungufu wa matamanio, usiseme lolote. Nimesoma barua nyingi zilizotumia aya nzima kuomba radhi kwa kukosa kitu ambacho kwenye karatasi yetu hakikuwa na safu.

Lakini hata usomaji huu mzuri una mpaka, nao ulisogea mwaka 2025. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilipovunjwa, miradi mingi Afrika Mashariki ilifungwa ndani ya miezi michache, na wahasibu, maofisa wa ufuatiliaji na madereva wazoefu waliingia sokoni kwa pamoja. Tamanio huwa tamanio kwa sababu wachache wanalo. Wakiwa wengi, mwajiri anaweza kulipima, na sifa iliyokuwa pambo inapata safu kwenye karatasi. CPA(T) na miaka mitano kwenye miradi ya wafadhili ni mifano iliyo wazi, kwa sababu sasa wapo watu wengi wenye vyote viwili wanaotafuta kazi. Anayejipima leo kwa mfano wa rafiki aliyeajiriwa mwaka 2022 akiwa na miaka miwili tu anajipima kwa soko ambalo halipo. Njia ya kulijua la sasa ni kutazama kama tangazo limerudiwa au muda wake umeongezwa, maana hiyo ni ishara kwamba orodha iliwashinda waombaji, na kutazama wasifu wa walioajiriwa karibuni kwenye nafasi kama hiyo, ambao wengi huuweka wazi LinkedIn.

Na waajiri hawana sababu ya kuendelea kutuachia kazi hii ya kukisia. Karatasi ya mchujo huwa imeshaandaliwa, au ingepaswa kuwa imeandaliwa, siku tangazo linapotoka. Kuinakili safu zake za ndiyo na hapana juu ya tangazo, na kuyaweka mengine chini yake chini ya kichwa tofauti, ni kazi ya nusu saa kwa ofisa mmoja wa rasilimali watu. Wakaguzi wa ndani wa mashirika, ambao tayari hukagua kama taratibu za ajira zilifuatwa, wanaweza kuanza kuuliza swali jepesi: je, aliyeajiriwa alikuwa na sifa zote zilizotangazwa kuwa za lazima? Jibu likiwa hapana mwaka baada ya mwaka, kasoro iko kwenye tangazo, na ni haki ya waliojiondoa kwa sababu yake kwamba lirekebishwe.